Siku ngapi zimebaki stoo? Jinsi duka la jumla linavyosoma mzigo wake kwenye simu

Mama mwenye genge au kiduka kijijini anapanda basi alfajiri kutoka Kilolo au Pawaga kuja Iringa mjini kuchukua mzigo. Anafika kwenye duka la jumla alilolizoea anaambiwa, "Sukari imeisha mama, jaribu Alhamisi." Nauli imekwenda na siku imekwenda. Akigeuka kutoka anaona katoni za biskuti zimepangwa kutoka sakafuni hadi karibu na dari, na zile za juu zina vumbi. Mara nyingi mambo haya mawili yana sababu moja. Fedha iliyotakiwa kununua sukari imelala kwenye biskuti, na mwenye duka hakuona mapema kwa sababu daftari lake linamwambia alichouza, halimwambii kilichobaki kitamfikisha lini. Hata ile ripoti ya Z inayotoka kwenye mashine ya EFD jioni inasema umeuza shilingi ngapi, haisemi stoo imebaki mifuko mingapi.

Wasikilizaji wetu kadhaa wenye maduka wametuuliza kuhusu hiki kinachoitwa dashibodi ya stoo, ambacho vijana wa kompyuta wanawauzia, na ambacho kwa kweli mtu anaweza kukitengeneza mwenyewe kwenye simu janja kwa kutumia Google Sheets bila kulipa programu. Tumeona tueleze kinavyofanya kazi ndani, maana anayejua hesabu iliyomo hadanganyiki na rangi.

Neno lenyewe limeazimwa kwenye gari. Mbele ya dereva wa Fuso kuna mshale wa mafuta. Dereva anayetoka Ruaha Mbuyuni na shehena haulizi tangi lina lita ngapi. Anauliza kama mafuta yaliyomo yatampandisha Kitonga na kumfikisha Ilula au Iringa kabla hajajaza tena. Lita zilezile zinatosha kwa gari tupu na hazitoshi kwa gari lenye mzigo. Stoo nayo iko hivyo. Kusema "nina mifuko 84 ya sukari" ni kutaja lita tu. Swali la mfanyabiashara ni kwamba mifuko hiyo itauzwa kwa siku ngapi, na mzigo mwingine utafika baada ya siku ngapi.

Tutumie duka la mfano, la jumla, lililopo Iringa mjini. Namba na bei tumezichagua sisi ili ziwe rahisi kufuata, lakini hesabu ni ileile kwa duka lolote.

Hesabu ni ya kugawanya tu

Duka letu lina mifuko 84 ya sukari, ya kilo 50. Katika siku 30 zilizopita limeuza mifuko 180. Ukigawanya 180 kwa 30 unapata mifuko 6 kwa siku. Ukigawanya 84 kwa 6 unapata 14. Kwa hiyo dashibodi inaandika kwamba sukari imebakiza siku 14.

Namba hiyo ikiwa peke yake bado haijasema kama tuko salama. Inabidi ilinganishwe na siku za kusubiri mzigo, yaani tangu mwenye duka alipe fedha hadi mifuko ishushwe mlangoni. Hapa watu wengi hujidanganya kwa kuhesabu safari ya lori peke yake. Sukari inayotoka kiwanda cha Kilombero, kule Kidatu mkoani Morogoro, inapita Mikumi na kupanda Kitonga, na barabara hiyo haiwezi kumaliza wiki. Siku zinaliwa na mengine. Fedha inakusanywa, wakala anasubiri malipo yaingie, gari linakaa foleni ya kupakia, mvua inanyesha na sukari haishushwi kwenye mvua.

Njia nzuri ni kuchukua mizigo mitano ya mwisho na kuandika tarehe uliyolipa na tarehe uliyoshusha. Tuseme duka letu limepata siku 6, 7, 7, 9 na 10. Wastani ni karibu 8, lakini sisi tungeshauri kutumia 10, maana ukipanga kwa wastani, kila mzigo unaochelewa kuliko wastani utakukuta mikono mitupu. Ukiongeza siku 4 za akiba, unapata 14. Sasa rangi zinaweza kuwekwa. Bidhaa yenye siku 14 au zaidi ni kijani, kati ya 10 na 14 ni njano, na chini ya 10 ni nyekundu. Nyekundu haina maana kwamba stoo ni tupu. Maana yake ni kwamba hata ukilipa leo asubuhi, stoo itakuwa tupu kabla lori halijafika.

Kama kuna mzigo umeshalipiwa na uko njiani, uandikwe kwenye safu yake yenyewe pamoja na tarehe unayoutarajia. Usijumlishwe na uliopo stoo. Ukijumlisha, kijana wa kaunta ataahidi wateja mifuko ambayo bado iko Mikumi.

Mahali namba inapodanganya

Kwa mujibu wa dashibodi, sukari ya duka letu ina siku 14, iko kijani, mwenye duka anaweza kulala. Lakini tukifungua daftari la mauzo tunakuta jambo. Katika zile siku 30, siku 12 hakukuwa na sukari kabisa. Mzigo ulichelewa. Wateja walikuja, wakauliza, wakaondoka, na daftari likaandika sifuri.

Sifuri hiyo haimaanishi watu hawakutaka sukari. Ila mashine haijui tofauti. Inaona siku 30, inaona mifuko 180, inagawanya. Ukweli ni kwamba mifuko 180 iliuzwa kwa siku 18 tu ambazo sukari ilikuwepo, sawa na mifuko 10 kwa siku. Sasa gawanya 84 kwa 10. Unapata siku 8 na kidogo. Kwa kuwa mzigo unachukua siku 10, sukari hii tayari ni nyekundu, na mwenye duka anayengoja kwa sababu ya ile kijani atamfanya yule mama wa Kilolo arudi mikono mitupu tena.

Angalia pia jinsi kosa hili linavyojizalia. Duka likikosa bidhaa, wastani unashuka. Wastani ukishuka, dashibodi inashauri kuagiza kidogo. Ukiagiza kidogo, unakosa tena mapema, na wastani unashuka zaidi. Mwanzoni mwa mwaka 2024, baada ya mvua kubwa za El Nino kuvuruga uvunaji wa miwa, sukari iliadimika nchi nzima mpaka serikali ikatangaza bei kikomo. Duka lililokaa wiki kadhaa bila sukari na kugawanya kwa siku zote za kalenda lingeweza kuikuta sukari kwenye orodha ya bidhaa zisizotembea, wakati watu walikuwa wanaitafuta kwa tochi.

Dawa yake ni kugawanya kwa siku ambazo bidhaa ilikuwepo. Inatakiwa safu moja ya ziada, ambamo mtunza stoo anaandika katika siku 30 zilizopita bidhaa hiyo ilikuwepo siku ngapi. Kuna tahadhari moja kwa upande wa pili. Sukari ikirudi baada ya kuadimika, siku mbili tatu za kwanza wateja huchukua maradufu kwa hofu. Siku hizo zikiingia zinapandisha wastani kupita ukweli, kwa hiyo mwenye duka makini huziangalia kwa jicho la pembeni na, ikibidi, huziacha nje ya hesabu pamoja na mifuko iliyouzwa siku hizo.

Kwa wenye simu janja, hivi ndivyo inavyoandikwa. Tengeneza kurasa mbili kwenye faili moja la Google Sheets. Ukurasa wa kwanza uuite Mauzo. Safu ya A ni tarehe, B ni jina la bidhaa, C ni idadi iliyouzwa. Ukurasa wa pili uuite Stoo. Safu ya A ni jina la bidhaa, B ni idadi iliyopo sasa, C ni siku bidhaa ilipokuwepo kati ya 30. Kwenye D2 ya ukurasa wa Stoo andika fomula hii, itakayojumlisha mauzo ya siku 30 zilizoishia jana:

```
=SUMIFS(Mauzo!C:C,Mauzo!B:B,A2,Mauzo!A:A,">="&TODAY()-30,Mauzo!A:A,"<"&TODAY())
```

Kisha kwenye E2 andika hii, itakayotoa siku zilizobaki:

```
=IF(D2=0,"HAIJAUZWA",B2/(D2/C2))
```

Vuta fomula zote mbili kwenda chini kwa kila bidhaa. Kama simu yako inakataa alama ya mkato ndani ya fomula, weka nukta mkato badala yake, maana inategemea nchi iliyochaguliwa kwenye mipangilio ya faili.

Kosa linalosumbua zaidi hapa ni majina. Kijana mmoja akiandika "Sukari 50kg" na mwingine "Sukari kg 50", kwa fomula hizo ni bidhaa mbili tofauti. Utajua limetokea pale bidhaa unayoiona ikitoka kila siku inapoandikwa HAIJAUZWA, au inapopewa siku mia tatu. Tengeneza orodha ya majina mara moja, na wauzaji wachague humo badala ya kuandika kwa kichwa. Vipimo navyo ni hivyohivyo. Kama duka linauza katoni nzima na pia pakiti mojamoja, kila kitu kiandikwe kwa pakiti, la sivyo utauza pakiti 5 na simu itaamini umetoa katoni 5.

Mzigo uliolala

Sasa turudi kwenye zile katoni za biskuti zilizofika darini. Dashibodi huwa na orodha ya pili, ya bidhaa zinazotoka polepole. Kanuni ya kuingia kwenye orodha hiyo huwekwa na mwenye duka, kwa mfano bidhaa yoyote yenye siku zaidi ya 90, au ambayo haijauzwa kabisa kwa siku 30.

Duka letu lina katoni 260 za biskuti. Katika siku 30 zimetoka katoni 30, na biskuti zilikuwepo siku zote, kwa hiyo ni katoni 1 kwa siku. Siku zilizobaki ni 260. Kwa sukari tulikuwa tunaogopa namba ndogo. Hapa tunaogopa namba kubwa, kwa sababu katoni zimeandikwa tarehe ya mwisho wa matumizi, na tarehe hiyo iko siku 150 mbele.

Ukisoma haraka utasema tutauza katoni 150 na zitabaki 110. Lakini duka la jumla haliuzi kwa mlaji. Mwenye kiduka cha kijijini akichukua katoni anahitaji muda wa kuiuza pakiti mojamoja, na akiona tarehe imekaribia hachukui, au anachukua safari hii na safari ijayo anahamia duka lingine. Tuseme anahitaji siku 45. Basi kwa duka la jumla biskuti hizi zinaisha siku 45 kabla ya tarehe iliyoandikwa, na muda halisi ni siku 105. Kwa mwendo wa katoni 1 kwa siku zitatoka 105, zitabaki 155. Kama kila katoni ilinunuliwa kwa shilingi 18,000, hizo 155 ni shilingi 2,790,000 ambazo hazitarudi. Kuziuza baada ya tarehe ni kosa kisheria, na mkaguzi wa TBS akizikuta zitateketezwa.

Mwenye duka afanye nini? Anauza katoni kwa 20,000. Akishusha hadi 18,000, bei ileile aliyonunulia, anaacha faida ya 2,000 kwa kila katoni. Kwa katoni zote 260 ni shilingi 520,000. Ili zote zitoke ndani ya siku 105 anahitaji kuuza katoni mbili na nusu kwa siku. Bei ikishuka leo, huo ni mwendo unaoweza kufikiwa. Akingoja siku 60 zaidi, zitakuwa zimebaki katoni 200 na siku 45, na atahitaji kutoa zaidi ya katoni 4 kila siku, ambazo bei ya 18,000 pengine haitazivuta. Atalazimika kuuza chini ya alivyonunua. Kwa hiyo orodha hii ina thamani inaposomwa mapema. Ikisomwa mwezi wa mwisho inakuwa orodha ya hasara.

Na hapa ndipo biskuti zinapokutana na sukari. Katoni 260 kwa 18,000 ni shilingi 4,680,000. Ikiwa mfuko wa sukari unanunuliwa kwa 130,000, fedha hiyo ni mifuko 36, karibu mauzo ya siku nne. Zile siku 4 za akiba tulizosema ziongezwe kwenye sukari, ambazo mwenye duka atatuambia hana mtaji wa kuziweka, zimepangwa pale ukutani kwa sura ya biskuti. Ndiyo maana tunapendelea dashibodi yenye safu ya fedha iliyolala, yaani idadi iliyopo mara bei ya kununulia, na orodha ipangwe kuanzia fedha nyingi kwenda chache. Bidhaa inayolala siku 400 lakini ni boksi moja la viberiti haifai kukukosesha usingizi.

Hata hivyo si kila kinacholala kimekufa. Mwezi wa tatu madaftari ya shule huwa hayatembei. Duka lenye katoni 60 lililouza 6 kwa mwezi litaonyeshwa siku 300, na dashibodi itayapaka rangi sawa na biskuti. Lakini Julai muhula mpya unafunguliwa, Januari watoto wanaanza mwaka, na daftari halina tarehe ya kuisha, mradi panya na unyevu wa masika visilifikie. Mbolea nayo ni hivyohivyo. Mkoani kwetu mvua ni za msimu mmoja, kuanzia kama Novemba au Desemba hadi Aprili, na mbolea ya kupandia ikiangaliwa kwa mauzo ya Agosti itaonekana mzigo mbovu. Kwa bidhaa za msimu usigawanye kwa siku 30 zilizopita. Tafuta daftari la mwaka jana, angalia miezi inayokuja iliuza kiasi gani, utumie mwendo huo. Asiye na daftari la mwaka jana aanze kuliandika sasa, na mwaka huu aendelee kutumia kichwa chake, ambacho kwa jambo hili kinajua kuliko simu.

Kitu kimoja hakuna fomula inayokifanya, nacho ni kuhesabu. Simu inaweza kusema mifuko 84 wakati stoo ina 79, kwa sababu mmoja ulichanika, miwili ilitoka kwa mkopo jioni bila kuandikwa, na miwili haijulikani ilipo. Siku zilizobaki zinakuwa za mifuko ambayo haipo. Kufunga duka siku nzima ili kuhesabu kila kitu ni kazi ngumu, lakini bidhaa tano kila jioni kabla ya kufunga, zikianza zile zenye rangi nyekundu, zinahesabika kwa robo saa. Tofauti iandikwe na tarehe yake. Bidhaa ikipungua kila wiki kwa namna ileile, hapo tatizo haliko kwenye hesabu, na mwenye duka anajua pa kuanzia kuuliza.

Kwa mwenye kiduka kijijini asiye na simu janja wala bando, kaunta buku inatosha. Chukua sabuni ya mche. Unauza miche 3 kwa siku, imebaki 18, ni siku 6. Safari yako ya mjini ni kila Jumatatu na leo ndiyo Jumatatu, kwa hiyo usipochukua sabuni leo, Jumapili kaunta yako haitakuwa na mche hata mmoja. Mistari mitatu kwa kila bidhaa inafanya kazi hiyo, yaani iliyobaki, inayouzwa kwa siku, na siku zilizobaki. Iandike usiku wa kuamkia safari, kwa bidhaa kumi zinazokulisha, kisha ukiwa kwenye basi zungushia kila yenye siku chini ya 7. Hizo ndizo zinunuliwe kwanza, kabla fedha haijaishia kwenye kitu kipya ulichokiona mjini.